Kuku wa kukaanga mwenye ganda: unga ushike, ukae mkavu, na nyama iive hadi mfupani

Maswali ni yale yale. Unga unabaki kwenye karai na kuku anatoka uchi. Ganda linavuka lote mara moja kama soksi. Nje kumekuwa kahawia, lakini ukimega pajani unakutana na damu. Au kuku alitoka jikoni akilia kwa ukavu, na nusu saa baadaye ndani ya hotipoti amelegea kama aliyechemshwa.

Ukiyachunguza, karibu yote yanatokana na maji: maji yaliyobaki juu ya ngozi, maji ambayo unga haujayanywa, na mvuke unaotoka kwenye nyama na kukosa pa kwenda. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inashughulika na maji kwa namna yake, na ndiyo maana mpangilio wake haubadilishwi hovyo.

Tumechukua mfano mmoja tuufuate mwanzo hadi mwisho: kuku mmoja wa kisasa wa kilo 1.2 baada ya kusafishwa, anayekaangwa nyumbani Dodoma kwenye karai, kwa mkaa au gesi. Kuku wa kienyeji ana njia yake, tutamgusia baadaye, maana ukimfuatisha huyu wa kisasa utatafuna mpira.

Mambo matatu ya Dodoma kabla hujaanza

La kwanza ni mwinuko. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maji ya kwenye unga na nyama yanageuka mvuke mapema kidogo, kwa hiyo ganda linakauka na kupata rangi kabla joto halijafika mfupani. Mapishi mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Pwani au kutoka nchi za nje yatakwambia nyuzi 175 au zaidi. Hapa punguza tano au sita, kaa kwenye 170, na ongeza dakika moja au mbili.

La pili ni hewa. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu na upepo unapuliza, na kuku aliyeachwa wazi mezani anakauka juu haraka kuliko unavyodhani. Hilo lina faida wakati wa kukausha ngozi na wakati wa kumhifadhi kuku aliyeiva, lakini lina hasara wakati unga umeshavishwa na unasubiri. Masika, kuanzia Desemba, mambo yanageuka.

La tatu ni mafuta. Kanda hii ni ya alizeti, na chupa na madumu ya mafuta yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo yanauzwa kila mahali, kuanzia Singida hadi hapa. Mafuta hayo yana harufu nzuri na ni matamu kwenye mboga na mchuzi. Kwa kukaanga kuku kwa mafuta mengi hayafai yakiwa ghafi: bado yana mashapo na utomvu, yanatoa povu jingi, yanaanza kutoa moshi kabla hayajafika joto tunalolitaka, na kuku anatoka mweusi mwenye uchungu. Nunua alizeti iliyosafishwa kiwandani au mafuta mengine ya kupikia yaliyosafishwa. Ukiweka chupa kwenye mwanga, yawe angavu mpaka chini, bila tope.

Unachohitaji

Kwa kuku wetu wa kilo 1.2:

- Chumvi, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, vya kupaka nyama
- Kitunguu saumu na tangawizi, kijiko kimoja cha chakula kwa pamoja, vilivyotwangwa na kukamuliwa. Tunatumia maji yake tu
- Pilipili manga, kijiko kimoja cha chai kwa nyama na kingine kwa unga
- Mtindi mzito usio na sukari, robo lita
- Yai moja
- Unga wa ngano mweupe, gramu 300 (vikombe viwili na nusu vya kupimia)
- Wanga wa mahindi, ule mweupe laini wengi wanaouita konflawa, gramu 60 (nusu kikombe)
- Beking pauda, kijiko kimoja cha chai
- Chumvi ya unga, kijiko kimoja cha chai, na pilipili nyekundu ya kusaga nusu kijiko
- Mafuta yaliyosafishwa, lita moja na nusu

Vyombo: karai zito la upana wa sentimita 30 hivi, mabakuli matatu, koleo la jikoni, kijiko cha matundu, waya wa kuchomea nyama au chekeche pana la kuweka juu ya sinia, na mfuniko unaofunika karai lote. Kipimajoto cha jikoni kinasaidia sana ukikipata, ila mwongozo huu unaonyesha namna ya kwenda bila hicho.

Kuhusu unga: ngano ndiyo inayoshika, wanga ndio unaofanya ganda livunjike badala ya kuvutika kama chapati, na beking pauda inatengeneza vipovu vidogo vinavyolifanya liwe jepesi. Ukikosa wanga, tumia unga mweupe wa muhogo uliochekechwa vizuri. Sembe inaleta chengachenga za kupendeza mdomoni lakini haishiki. Usizidishe vijiko viwili vya chakula. Unga wa atta wenye pumba unaungua mapema, uache kwa chapati. Na ukipenda viungo vya pakiti vya mchuzi, soma kwanza kilichomo: vingi vina chumvi nyingi, kwa hiyo toa ile chumvi ya unga yote.

Hatua

1. Kata vipande vinavyolingana kwa unene.

Toa vipande kumi: mapaja mawili ya juu, mawili ya chini, vipapatio viwili, na kidari kilichogawanywa mara nne. Mgongo na shingo peleka kwenye supu. Kidari kikiachwa nusu nzima ndicho kinachosumbua watu wengi, maana kinene chake kinaweza kufika sentimita tano huku ncha yake ikiwa sentimita moja. Ncha itakauka kabla katikati hakujaiva. Kata kila nusu kwa kupita katikati ya upana, pamoja na mfupa.

Paja la juu ligeuze upande usio na ngozi, upige kisu mstari mmoja kando ya mfupa, uufikie. Mkato huo haumwagi utamu wa nyama, na joto linapata njia ya kuufikia mfupa dakika kadhaa mapema.

Kama kuku alikuwa kwenye friza, ayeyuke kabisa kwanza. Mlaze usiku kucha sehemu ya chini ya friji, au mtie kwenye mfuko usiopitisha maji uuzamishe kwenye maji baridi, ukibadilisha maji kila nusu saa. Bonyeza karibu na kiungo cha paja. Ukisikia kigumu kama kokoto ndani, bado. Paja lenye barafu mfupani halitaiva kwa muda wowote ambao ganda linaweza kuvumilia.

2. Paka chumvi na viungo, uache saa nne hadi usiku mmoja.

Changanya chumvi, pilipili manga na yale maji ya saumu na tangawizi, upake kila kipande mpaka chini ya ngozi. Weka kwenye friji. Chumvi inavuta maji nje mwanzoni, halafu nyama inayanywa tena yakiwa na ladha, na inayashika vizuri zaidi wakati wa kukaangwa. Ukiwa na saa moja tu itasaidia kidogo, lakini ladha haitafika ndani.

Makosa mawili ya hapa. La kwanza ni kuacha nyuzi za saumu na tangawizi juu ya ngozi. Zinaungua karaini na kuacha madoa meusi yenye uchungu. La pili ni ndimu. Wengi wamezoea kumlowesha kuku kwenye ndimu kwa saa nzima. Tindikali nyingi inaifanya nyama ya juu iwe kama imeanza kuiva, inalainika, inatoa majimaji, na unga hauna pa kushika. Ndimu iwekwe mezani, mtu ajikamulie anapokula.

Habari ya kuosha kuku: kumwosha chini ya bomba kunarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo vya jirani, na joto la mafuta litaviua kwa vyovyote. Kama bado unaona lazima umsuuze, fanya hivyo kabla ya chumvi, ndani ya beseni, kisha osha beseni na sehemu ile kwa sabuni.

3. Mkaushe mpaka ngozi ishike kidole.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayovua ganda. Toa vipande kwenye friji nusu saa kabla ya kukaanga. Futa kila kimoja kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi ambacho baadaye kitaenda moja kwa moja kufuliwa kwa maji ya moto. Futa chini ya bawa, kwenye mikunjo ya paja, na ndani ya ule mkato.

Jaribu hivi: pitisha kidole juu ya ngozi. Kikiteleza na kuacha njia inayong'aa, bado ina maji. Kikikwama kidogo, kama unapogusa bahasha iliyolambwa ikakaribia kukauka, uko tayari. Maji yaliyobaki yatageuka mvuke ndani ya mafuta, na mvuke huo utalisukuma ganda mbali na ngozi kutoka ndani. Ndiyo maana ganda linavuka zima zima.

4. Panga mabakuli matatu.

Changanya unga wa ngano, wanga, beking pauda, chumvi na viungo vikavu, kisha gawa: theluthi moja bakuli la kwanza, theluthi mbili bakuli la tatu. Bakuli la kati piga yai pamoja na mtindi. Uzito unaotakiwa ni kama uji mwepesi: ukichovya kijiko, mgongo wake ubaki umefunikwa na tone la mwisho lianguke polepole. Mtindi ukiwa mzito sana ongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Sasa chukua vijiko viwili hadi vitatu vya chakula vya huo mtindi, nyunyiza juu ya bakuli la tatu, usugue kwa vidole kama unavyosugua siagi kwenye unga wa maandazi. Vitatokea vibonge vidogo kama mtama na choroko. Hivyo ndivyo vinavyotengeneza yale magamba yanayokatika mdomoni. Ukiacha unga laini mtupu, utapata ganda lililonyooka na zuri, ila halina mlio.

5. Visha: unga, mtindi, unga.

Tumia mkono mmoja kwa vikavu na mwingine kwa majimaji, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyovaa ganda.

Kipande kikavu kiingie bakuli la kwanza. Kizungushe, kisha kipigepige upande wa bakuli mpaka unga wa ziada uanguke. Kinachotakiwa kibaki ni vumbi tu, kiasi cha kuona rangi ya ngozi kwa mbali. Vumbi hilo linakunywa unyevu wa mwisho wa ngozi na kuupa mtindi kitu cha kukwaruza. Likiwa nene, tabaka la ndani litabaki unga mkavu usioguswa na mtindi, na ganda litapasuka hapo hapo.

Kichovye kwenye mtindi, kiinue, kisubiri sekunde kumi kichuruzike. Kisha kilaze kwenye bakuli la tatu, ukifunike kwa unga kwa kiganja, na ukandamize. Kandamiza kweli, kwa uzito wa mkono, pande zote, hasa kwenye mikunjo. Kurushia unga juu kama unavyonyunyiza chumvi hakutoshi. Kiinue, kitikise mara moja, kilaze kwenye waya.

Usivipange vipande juu ya kimoja kingine, na usivilaze kwenye sahani tupu. Upande wa chini utalowa na kubaki kwenye sahani.

6. Viache vipumzike dakika 15 hadi 20.

Unga unahitaji muda wa kunywa mtindi. Ukiangalia kipande kilichovishwa sasa hivi utaona meupe makavu yanayopeperuka ukipuliza. Baada ya robo saa meupe yale yanapotea, ganda linakuwa na rangi ya maziwa iliyofifia na linaonekana lina unyevu kidogo, kama ukuta wa udongo uliopigwa lipu jana. Hapo limeshika. Sehemu ikibaki nyeupe kavu, igusishe mtindi kwa ncha ya kidole uikandamize unga tena.

Wakati wa kiangazi, dakika hizi funika sinia kwa kitambaa chepesi kisichogusa vipande, uweke mbali na dirisha lenye upepo. Ukipita dakika 40 kwenye hewa kavu, kingo za ganda zinaanza kupasuka nyufa ndogo, na mafuta yatapenya humo. Kama una vipande vingi kuliko karai linavyoweza kwa wakati huo, usivivishe vyote pamoja. Visha fungu la pili wakati la kwanza liko karaini.

7. Pasha mafuta hadi nyuzi 170.

Mimina mafuta yasizidi nusu ya karai. Yakipanda na povu la kwanza yanaweza kumwagikia motoni, na karai lenye tako la mviringo likae imara juu ya jiko kabla hujawasha chochote.

Bila kipimajoto, kata kipande cha mkate cha ukubwa wa sentimita moja na nusu ukitupe ndani. Kikigeuka rangi ya dhahabu kwa sekunde 60 hivi, mafuta yako tayari. Kikifika rangi hiyo kwa sekunde 30, yamepita kiasi, subiri. Kikikaa kinachezacheza bila rangi baada ya dakika moja na nusu, bado ni baridi. Mafuta yakitoa moshi, zima, usijadili.

Kwa gesi kazi ni rahisi. Kwa mkaa, acha wote ushike na uanze kuvaa majivu ndipo uweke karai. Mkaa unaoendelea kuwaka utakupandishia joto katikati ya kazi na hutakuwa na pa kuupunguzia. Weka kando koleo na bati la kuhamishia makaa mawili matatu. Moto ukizidi, toa makaa na funga kidirisha cha jiko. Ukipungua, rudisha na fungua. Usimwage mafuta baridi ili kupoza, yanarusha.

8. Kaanga kwa mafungu, uanze na mapaja.

Fungu la kwanza ni mapaja manne, la pili vidari vinne, la tatu vipapatio. Kila kipande kishushe kikielekea mbali na wewe, upande wa ngozi chini. Vipande vinne kwenye lita moja na nusu ndio mwisho. Joto litashuka hadi 150 hivi, na hilo ni sawa; kwa kazi iliyobaki lishikilie kati ya 150 na 160. Ukijaza karai zima, linashuka chini ya 140, ganda linakunywa mafuta badala ya kukauka, na unga unaanza kuelea.

Kwa dakika tatu za kwanza usiguse. Ganda bado ni laini, na koleo ndilo linaloling'oa. Baada ya hapo kigeuze mara moja, kisha tena kila dakika nne.

Muda wa hapa Dodoma, kwa vipande vya ukubwa tuliokata: vipapatio dakika 8 hadi 10, vidari 11 hadi 13, mapaja ya chini 13 hadi 14, mapaja ya juu 14 hadi 16.

Sikiliza karai. Mwanzoni mlio ni mkubwa na povu ni kubwa, kwa sababu maji mengi yanatoka. Kadiri ganda linavyokauka, vipovu vinakuwa vidogo na sauti inapungua kuwa mchakacho mwembamba. Sauti ikipungua na rangi ikawa ya dhahabu nzito, anza kupima. Kipimajoto kikiingizwa sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa kisome angalau nyuzi 74. Bila hicho, choma kwa mshikaki mwembamba karibu na kiungo: majimaji yatoke angavu, na nyama iachie mfupa bila kuvutana. Usiutegemee wekundu wa mfupa wenyewe. Kuku wa kisasa wanachinjwa wachanga, mifupa yao ina matundu, na uboho unaweza kutia rangi nyama ya jirani hata ikiwa imeiva, hasa kama kuku aligandishwa.

Mafuta yakishika moto: zima gesi au fungia jiko hewa, funika karai kwa mfuniko, uondoke. Usimwagie maji kamwe, na usilibebe karai.

Kati ya fungu na fungu, opoa vipande vya unga vilivyozama kwa kijiko cha matundu, kisha subiri mafuta yarudi 170. Unga uliobaki chini unaungua na kulitia fungu linalofuata uchungu na vidoa vyeusi.

9. Mtoe juu ya waya, si juu ya karatasi.

Kuku aliyetoka karaini bado anatoa mvuke kwa dakika kumi nzima. Akilala kwenye karatasi, upande wa chini unaloweshwa na mvuke wake mwenyewe. Kwenye waya hewa inapita pande zote. Mnyunyizie chumvi kidogo papo hapo kama unaona inahitajika, maana baadaye haitashika.

Na hotipoti: usiifunge. Hapo ndipo makaango mengi mazuri yanapoharibikia. Kama lazima uweke humo, subiri dakika kumi na tano nje kwanza, tandika karatasi chini, weka tabaka moja, na uache mfuniko wazi kiasi cha vidole viwili. Boksi la kubebea litobolewe matundu juu. Kiangazi cha Dodoma kinakusaidia hapa: kuku aliyewekwa wazi kwenye waya, amefunikwa kwa kawa dhidi ya inzi, anakaa mkavu kwa saa moja au zaidi. Masika hesabu nusu yake. Kwa vyovyote asikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili.

Kama unauza, au wageni wanakuja kwa nyakati tofauti

Kaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwenye nyuzi 150 mpaka nyama iive kabisa na rangi iwe bado ya njano hafifu, dakika 12 hadi 15 kwa mapaja. Mpumzishe kwenye waya angalau dakika kumi. Unyevu wa ndani unasogea kuja kwenye ganda. Mteja akifika, rudisha kwenye nyuzi 175 kwa dakika mbili hadi tatu, na unyevu ule unaondoka. Ganda la mara mbili linakaa kavu muda mrefu kuliko la mara moja. Tahadhari ni moja: ile mara ya kwanza nyama iwe imeiva, isiwe nusu. Kuku aliyeiva nusu akikaa kwenye joto la kawaida ni kiota cha vijidudu.

Kuku wa kienyeji

Huyu lazima achemshwe kwanza kwa maji kidogo yenye chumvi na viungo, mpaka kisu kiingie pajani bila kubishana. Umri ndio unaoamua: kuku mdogo dakika 40, jogoo mzee hata saa mbili. Mtoe, mtandaze kwenye waya mpaka apoe kabisa na mvuke uishe. Hapo fuata hatua ya 3 hadi ya 6, ukimkausha kwa bidii zaidi, kwa kuwa ngozi iliyochemshwa inateleza kuliko mbichi. Karaini anakaa dakika tano hadi sita tu kwenye 170, kwa kuwa unatafuta ganda peke yake. Supu iliyobaki usiimwage.

Mambo yakienda kombo

*Ganda linavuka lote zima.* Ngozi ilikuwa na maji, au kuku aliyechemshwa alivishwa akiwa bado moto. Rudi hatua ya 3.

*Ganda linabaki sehemu sehemu, lingine liko chini ya karai.* Hukukandamiza, hukupumzisha, au uligeuza mapema. Njia ya kujua ni kuangalia vilivyozama: vikiwa unga unga kama tope, hukupumzisha, vikiwa vipande vyenye umbo la ngozi, koleo ndilo lililong'oa.

*Nje kahawia, ndani mbichi.* Moto mkubwa, kipande kinene, au barafu mfupani. Usirudishe kwenye mafuta yale yale ya moto. Mtoe, acha mafuta yashuke hadi 140 hivi, kipande cha mkate kikae kinachezacheza tu, kisha mrudishe dakika tano hadi saba. Ukifunika karai ili aive haraka, mvuke utakuivishia nyama na kukuharibia ganda.

*Ganda gumu kama kigae.* Unga mwingi mno, yai zaidi ya moja, au ngano bila wanga. Wengine wanasahau beking pauda, au iliyopo imekaa sana. Tia kijiko kwenye maji ya moto, isipotoa povu mara moja nunua nyingine.

*Limejaa mafuta, ukibonyeza yanatoka.* Mafuta hayakuwa na joto la kutosha au karai lilijaa. Ganda lisipotoa mvuke kwa nguvu, mafuta hayana wa kuyazuia kuingia.

*Rangi inakuja ndani ya dakika tatu.* Kuna sukari mahali: mtindi wa kutiwa sukari, sosi ya nyanya kwenye viungo, au asali. Au mafuta yamechoka. Mafuta ya kukaangia kuku mwenye unga yanafaa mara tatu hadi nne, kama unayachuja kwa kitambaa kila yakipoa na kuyaweka gizani kwenye chombo kilichofungwa. Ukiona povu lisilopasuka, limetanda juu kama la sabuni hata kabla hujatia kuku, au moshi unaanza kabla mkate haujapata rangi, hayo usiyaongezee mapya. Yapoze, yatie kwenye chupa yenye kifuniko uyatupe na takataka, usiyamwage kwenye sinki, yataganda bombani.